Tini za Vestina na Cherehani ya Mkwewe

Vestina Niyibizi alikwenda Kasulu kwa wiki mbili, akakaa miezi saba. Alikuwa na miaka sabini na sita, goti la kulia limemchoka, na baada ya kuanguka shambani kwake Murungu, binti yake Evaline alimfuata na kumbeba juu kwa juu, mabegi na yeye mwenyewe. Msinielewe vibaya, kwa binti hakuonewa. Alilala kwenye godoro zuri, alikula ugali wa moto na samaki wa ziwani, na hakuna aliyemnunia. Ila alifungwa, na kufuli lenyewe lilikuwa cherehani.

Longinus, mume wa Evaline, ni fundi nguo. Cherehani yake aliiweka uani, chini ya bati, palipo na kivuli na hewa. Choo nacho kiko uani, pembeni, hatua kama kumi na tano kutoka mlango wa jikoni. Kwa hiyo kila aendaye chooni lazima apite mbele ya Longinus, kopo la maji mkononi. Na Vestina ni mtu wa Burundi ya zamani, wazazi wake walivuka mpaka wakiwa na heshima zao kamili. Mama mkwe hamwangalii mkwewe usoni, hali naye sahani moja, na hata kwa bunduki hapiti mbele yake akielekea chooni. Huko Murungu choo chake kilikuwa nyuma ya migomba. Aliingia na kutoka, hata kuku wasijue.

Basi akabuni njia yake mwenyewe. Alikwenda chooni alfajiri, kabla fundi hajaamka, na akasubiri mpaka jioni fundi akitoka kwenda kuongea na wenzake. Na ili asubiri vizuri, aliacha kunywa maji. Nusu kikombe cha chai asubuhi, mafunda mawili ya kumezea kidonge cha goti, basi. Haja nayo ilipomjia saa nne asubuhi, aliibana. Bibi huyu alikuwa anakufa na tai shingoni, na aliona ni adabu.

Tumbo halikuiona adabu hiyo. Choo kikawa kigumu, zikapita siku tatu, mara nyingine nne, bila kukipata. Isack, mwanawe wa kiume aliye Dar es Salaam, aliposikia mama hapati choo, alituma kwa basi pakiti mbili: tini kavu, na plamu kavu, yale matunda meusi yaliyokunjamana, laini na matamu. Akasema kwenye simu kwamba wazee wa huko wanayasifia. Ila hakusema ni mangapi, na wala hakutaja maji.

Vestina akayapenda. Alikula konzi nzima ya tini, akatafuna na plamu saba juu yake, kavu kavu, bila hata tone la maji. Siku ya pili hakuona kitu, akaongeza. Kwa akili yake dawa isiyofanya kazi ni dawa chache. Siku ya tatu tumbo lilijaa gesi, likanyonga na kuuma, na choo hakikuja. Akaacha kula. Evaline aliponusa harufu ya mdomo mkavu wa mama yake alishtuka, akaita bodaboda na kumpeleka kituo cha afya.

Daktari alimpima tumbo pole pole, akauliza kama anatapika, kama ameona damu, kama bado anatoa hewa. Akasema utumbo haujaziba, mshukuru Mungu, na mapigo ya moyo na figo havina shida. Akampa dawa ya kuweka kwa nyuma, na baada ya saa moja Vestina akapata nafuu hapo hapo kituoni, kwenye choo chenye mlango na hakuna mkwe nje. Alitoka huko anatembea kama msichana.

Kisha muuguzi akamkalisha. Huyo ni Asmahani, mtu wa Pangani, serikali ilimpanga huku kwenye baridi na yeye hajaizoea hadi leo. Akamuuliza bibi anakunywa maji kiasi gani. Mengi, akasema Vestina. Akamuuliza mkojo una rangi gani. Vestina akatazama ukuta. Asmahani akamtuma Evaline dirisha la dawa, akaufunga mlango.

"Bibi, tini hizi zimekaushwa, maji yake yameshaondolewa," akasema. "Zikifika tumboni ukiwa na kiu, zitayapata wapi?"

Akamwelekeza. Aanze na plamu tatu kwa siku, tumbo likizoea afike tano au sita, asizidishe. Au tini mbili, tatu, si zote kwa pamoja. Jioni aziloweke kwenye kikombe cha maji, asubuhi azile na maji yake ayanywe. Na kwa mwili wake usio na ugonjwa wa moyo wala figo, anywe glasi sita hadi nane kutwa, uji na chai vikihesabiwa, nyingi ziwe kabla ya jioni. Akishastaftahi aende akae chooni hata kama hasikii haja, maana huo ndio wakati tumbo linaamka. Na haja ikija isibanwe. Bila hayo atarudi hapa, na safari ijayo huenda utumbo ukaziba kweli.

Vestina aliitikia kila neno. Nyumbani akaloweka tini tatu. Asubuhi zilikuwa zimevimba, nene, zinang'aa. Akazila, akakiinua kikombe, na uani cherehani ikaanza kuunguruma. Maji yale aliyamwaga kwenye mchicha nje ya dirisha. Kesho yake hivyo hivyo, na keshokutwa, na tumbo likaanza tena kuwa gumu. Alijua anajiua. Alijua pia kwamba akinywa, saa nne atapita pale na kopo lake. Akalia kimya kwenye godoro zuri la binti yake, kwa sababu hakuona mlango mwingine.

Ni Evaline aliyeuona mchicha umelowa jua likiwa kali. Akaja kusimama mlangoni, mikono kiunoni, akauliza kama mama anataka kufa kwa kukosa maji. Vestina akajifunika kanga hadi kichwani, na humo ndani ya kanga akasema kile ambacho hakukisema kwa miezi saba:

"Siwezi kupita mbele ya Longinus."

Mchana huo Vestina alisikia binti yake na mume wake wakinong'ona nyuma ya ukuta, akatamani ardhi impasukie. Sasa mkwe anajua. Hilo lilikuwa baya kuliko tumbo.

Asubuhi iliyofuata akasikia chuma kikiburuzwa. Kishindo, kimya, kishindo tena, kikielekea mbele ya nyumba, barabarani, kwenye vumbi la malori na jua lisilo na huruma. Kisha sauti ya Longinus ikaja upande wa pili wa ukuta, ikimwita mama mkwe kwa Kirundi, naye hakuchungulia:

"Shikamoo, mabukwe. Nimehamia barabarani. Kule uani wateja hawanioni."

Kasulu nzima inajua Longinus anapokaa. Wateja wake humfuata hata gizani. Vestina alijua ni uongo, na alijua umesemwa kwa ajili yake.

"Marahaba, mwanangu," akajibu.

Akala tini zake tatu, akanywa maji yake hadi tone la mwisho, akaongeza na glasi nyingine. Saa nne akachukua kopo, akafungua mlango wa jikoni. Ua ulikuwa mtupu. Chini ya bati, pale penye kivuli kizuri, palibaki alama nne za miguu ya cherehani. Vestina akazikwepa asizikanyage, akapita.