Alichosema Mama Kikao Kilipokwisha

Jioni za matanga ya Baba, kamati ya mazishi ilikutana kwenye kompyuta yangu. Ndugu walio mbali hawangeweza kufika nyumbani Mitaboni kila siku, na mambo ya mazishi hayangojei. Mimi hufundisha chuoni mjini Machakos. Akaunti yangu ya mikutano ya video nilikuwa nimeipanga ijirekodi yenyewe kila ninapofungua kikao, na rekodi ihifadhiwe mtandaoni, ili mwanafunzi aliyekosa somo alikute huko. Sikubadilisha mpangilio huo. Niliona hata unafaa, kwa sababu dada yangu, muuguzi Uingereza, alikuwa kwenye zamu tulipokutana. Nilimtumia kiungo cha kila rekodi.

Jioni ya mwisho mjomba alifunga kwa sala na watu wakatoka mmoja mmoja. Niliitwa nje kuwaonyesha wenye hema mahali pa kuisimika. Kompyuta ilibaki mezani, kikao hakijafungwa, na ilivyo ni kwamba mwenyeji asipokifunga, rekodi nayo huendelea. Mama alibaki sebuleni peke yake, akiwa ameelekea kiti cha Baba.

Hayo niliyajua baada ya mazishi. Dada alipiga kwenye simu yangu ili azungumze na Mama, akamwambia kwa upole kwamba alimsikia kwenye rekodi akizungumza na Baba, na kwamba yeye huisikiliza kila atokapo zamu ndipo apate usingizi. Hakuwa amekuja kuzika. Hati zake za ukaazi zilikuwa bado kutoka, na angeondoka asingeruhusiwa kurudi.

Mama alinirudishia simu.

"Yale niliyasema kwa mtu mmoja," akaniambia. "Yatoe huko."

Nilifungua kompyuta mbele yake. Katika orodha ya rekodi, kati ya somo la uhasibu na somo lingine la uhasibu, palikuwa na picha ndogo ya kiti kitupu na bega la Mama. Chini yake kulikuwa na mafaili matatu: video, sauti peke yake, na maandishi ambayo mashine huandika ikisikia watu wakizungumza. Mashine ile haijui Kikamba. Ilikuwa imemlazimisha Mama aseme Kiingereza, maneno yasiyoshikana, ukurasa baada ya ukurasa, na kwa kuwa akaunti ni yangu, kila mstari ulikuwa na jina langu. Niliyafunga haraka. Video sikuibonyeza.

Nilipofuta, yote matatu yalitoweka kwenye orodha. Nikamweleza Mama kwamba sasa yako kwenye pipa la taka la akaunti, na baada ya siku thelathini yatajifuta kabisa.

"Mtu akiyataka kabla ya hapo?"

"Mimi naweza kuyarudisha."

"Basi hujayatoa. Umeyahamisha tu."

Dada akapiga simu wakati huohuo. Kiungo kilikuwa kimekataa kufunguka. Aliniomba nirudishe rekodi kwa saa moja tu ili niruhusu ipakuliwe, kwa kuwa nilipomtumia nilimruhusu kutazama tu. Alisema nina kaburi la kwenda kupalilia, yeye hana. Mama alinyoosha mkono, nikampa simu.

"Mwanangu, ukitaka kujua nilimwambia nini babako, njoo uniulize nikiwa hai."

"Na nisipowahi, Mama?"

Mama alinigeukia, akanionyesha kompyuta kwa kidevu. Nikaingia kwenye pipa, nikachagua kufuta moja kwa moja. Mashine iliuliza kama nina hakika. Nilimsomea Mama swali hilo kwa Kikamba, naye akasema ndiyo. Simuni hakukuwa na kilio, ila pumzi, kisha laini ikakatika.

Nilizima ule mpangilio wa kujirekodi siku hiyohiyo. Hata hivyo, Mama huacha kuongea ninapofungua kompyuta, hata kama alikuwa akinihadithia habari za soko.

Majuzi tulikuwa tukichambua mbaazi, mimi na yeye, dada akapiga. Nilipokea na kuweka spika. Kabla hajasema neno, nyuma yake nilisikia sauti ya mwanamke mzee ikizungumza Kikamba taratibu, ikakohoa kikohozi ninachokijua, kisha ikakatwa ghafla, kama kitu kilichobonyezwa. Dada akatusalimu, akauliza kama mvua imenyesha. Rekodi haikupakuliwa, hilo nina uhakika. Lakini hakuna mpangilio wa kumzuia mtu kurekodi kwa simu ya pili iliyowekwa karibu na spika.

Mama aliacha kuchambua.

"Uko na nani hapo?" akamuuliza.

"Niko peke yangu, Mama."

Mama alirudisha mkono kwenye mbaazi. Kisha akamjibu kwamba mvua bado.