Nitapiga Simu Alhamisi

Barua za kuomba kazi huanza vizuri tu. Huharibika mwishoni. Hilo nimelijua kwa kukaa miaka mingi nyuma ya kompyuta katika duka la kuchapa pale Wandegeya, jirani na chuo kikuu, wanafunzi wamenipangia foleni, kila mmoja na karatasi yake. Mtu ataeleza masomo yake na kazi alizofanya kwa heshima zake zote, halafu akifika aya ya mwisho anapiga magoti. Anataja wadogo zake wanaomtegemea, anataja Mungu, anaomba mara tatu. Mwingine naye anavimba, anadai ajibiwe kabla ya Ijumaa, utadhani ofisi ni ya mamake. Mimi hasira zangu ziko karibu, sikatai. Nilikuwa nazifuta aya hizo mbele ya macho yao.

Aya ya mwisho haitaki mengi. Sema kwa sentensi moja utawafaa kwa lipi. Omba mkutane. Sema wewe mwenyewe utafanya nini baadaye na lini, kisha shukuru ufunge mdomo. Nilikuwa naisema hivyo kila siku, nikajiona fundi.

Kisha baba akaniletea yake.

Baba ni sajini mstaafu wa polisi. Tumekulia katika kambi za polisi, ambako Kiswahili ndiyo lugha ya askari, ndiyo maana Kiswahili ndicho cha nyumbani kwetu mpaka leo, ingawa kwa asili sisi ni watu wa kaskazini. Tangu astaafu alikuwa anakaa nami nyumbani kwangu Kasubi, na kustaafu hakukumpenda. Kila asubuhi alipiga shati pasi, akalivaa, akaketi sebuleni. Hana pa kwenda, lakini shati limenyooka. Mwanzoni nilimtania, nikamuuliza kama leo kuna gwaride. Baadaye nikaacha, maana alikuwa anakonda, na usiku nilimsikia akikagua kufuli la mlango mara nne, mara tano. Mtu aliyelinda watu maisha yake yote alikuwa amebakiwa na mlango mmoja.

Basi shule moja ya bweni ikatangaza kwamba inatafuta msimamizi wa walinzi. Kazi ilikuwa kama imeshonwa kwa kipimo chake. Alikuja dukani akiwa na barua aliyoiandika kwa mkono, kwa Kiingereza kile cha ripoti za kituoni, na mwisho wake ulisema kwamba yeye ni mzee asiye na msaada mwingine, anajiweka chini ya miguu ya mwalimu mkuu, na atapokea nafasi yoyote hata ya kufagia.

Nilimwambia baba, hii ni kuombaomba. Hakubisha. Alichukua kalamu, akainama juu ya kaunta yangu na kuandika nyingine: kwamba ataripoti kazini Jumatatu saa mbili kamili, waandae funguo.

Nilicheka mpaka mwanafunzi mmoja naye akacheka, baba akanuna. Jamani, nilimpenda siku ile. Nikamweleza kwamba ya kwanza inalia na ya pili inaamrisha, na sisi tunataka mtu aliyesimama wima tu. Nikamwandikia mwenyewe. Kwa Kiswahili ingekuwa hivi:

"Miaka thelathini ya kupanga zamu na kusimamia askari imenifundisha jinsi ya kulinda lango linalopitiwa na watoto. Ningependa tukutane niwaeleze jinsi nitakavyopanga ulinzi wa shule yenu. Nitapiga simu ofisini kwenu Alhamisi saa nne asubuhi ili tukubaliane siku itakayowafaa. Asanteni kwa muda wenu."

Baba aliisoma akiwa amesimama, midomo ikicheza. Akasema, "Huyu mtu ningemwajiri." Tukaichapa. Akatia sahihi yake ndefu, akaipeleka shuleni mwenyewe Jumatatu, akarudi nyumbani akiwa mrefu kuliko alivyotoka.

Alhamisi dukani kulikuwa na kazi nyingi, wanafunzi walikuwa wanakabidhi tasnifu zao. Saa nne ilipofika nilitazama saa ukutani, nikatabasamu peke yangu, nikaendelea na kazi. Jioni nilipomuuliza wamesemaje, alinitazama kwa mshangao.

"Wamesemaje nani? Hawajapiga."

Nikamwambia si wao wa kupiga, ni yeye. Imeandikwa. Akasema anajua imeandikwa, lakini hayo ni maneno ya kufungia barua, kama vile "mtumishi wako mtiifu" tulivyokuwa tukiandika zamani, na hakuna aliyewahi kwenda kumtumikia mtu kwa sababu ya sentensi hiyo. Mdogo hampigii mkubwa simu kumuuliza ameamua nini. Barua ikishapanda juu, unangoja iteremke. Alikuwa akinieleza kwa upole, kama mtu anayemfundisha kuruti.

Hasira zikanipanda. Ijumaa asubuhi nilipiga namba ya shule kwa simu yake nikamwekea mkononi. Akaikata kabla haijaita. Nikasema basi nitapiga mimi, nitasema ni binti yake, naye akasimama. Hakupaza sauti. Aliniambia nikifanya hivyo nitakuwa nimemvua nguo mbele ya watu. Sasa nifanye nini? Baba ni baba. Nikaenda kazini nikawa nawakaripia watoto wa watu bure.

Jumatatu uvumilivu ukaniisha. Nilitoka nyuma ya duka, penye mapipa ya taka, nikapiga shuleni. Sekretari aliipokea, sauti ya mama mtu mzima, mtaratibu. Nikamwambia mimi ni binti wa sajini. Akamkumbuka papo hapo.

Alisema barua mbili ndizo zilizobaki mezani, na ya baba ilikuwa juu. Mwalimu mkuu aliipenda ile aya ya mwisho, akamsomea yeye sekretari kwa sauti. Mwalimu akasema tumngoje Alhamisi, huyu amesema atapiga saa nne. Wakangoja mpaka jioni. Ijumaa mchana wakamwita yule mwingine.

"Pole, mwanangu," akasema sekretari. "Lakini kazi yenyewe ni ya lango. Mtu wa lango akitaja saa, tunataka tumwone saa hiyo."

Nikamshukuru, nikakata simu. Ahadi ni deni, hilo hata mtoto analijua, na ahadi ile niliitoa mimi, kwa kinywa cha mtu ambaye sikumuuliza kama ataiweza. Angepeleka barua yake ya kwanza, ile ya magoti, labda wangemhurumia. Ya kwangu ilimsimamisha wima halafu ikamwacha hapo. Nilisimama kando ya mapipa yale nikalia, na nililia kwa hasira, na hasira yenyewe haikuwa na wa kumpiga.

Nilipofuta uso nikaamua nimwambie kweli, tena upesi, kabla sijarudi ndani na kutafuta visingizio. Nikapiga simu yake.

Haikuita hata mara mbili; nadhani hakutazama ni nani anayepiga. Nilisikia akikohoa kusafisha koo, halafu sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu kambini, nzito, imenyooka: akataja cheo chake na jina lake lote, akasema yuko tayari kusikiliza.



"Ni mimi tu, baba," nikasema. "Nilitaka kujua kama umekula."

"Nimekula," akasema. "Sasa kata simu, mwanangu. Wasije wakapiga wakakuta naongea."