Mahali pa Kusaini

Majina yao wote ninayo. La mwalimu, la mjukuu wangu, la yule baba wa suruali ya kukunjwa pindo, hata la mama wa steshenari aliyenichapia picha. Ukiniamsha usingizini nakutajia moja moja pamoja na ukoo. Hapa sitayaandika. Wenyewe wanajijua.

Mimi niliishia darasa la pili. Herufi kubwa nazisoma, taratibu, kidole kikitangulia. Mwandiko wa mwalimu uliounganishwa, wa wino mwekundu, ulikuwa kwangu kama nyayo za kuku kwenye mchanga. Lakini saini ninayo. Nilifundishwa nikiwa binti, na ni nzuri, ina mkia. Mjukuu alipoanza shule nikakuta ndicho wanachotaka: kila kazi ya nyumbani mzazi asikilize, aone, asaini kwenye mstari wa chini. Basi jioni jua likiwa bado lipo, mtoto alikuwa anakuja na daftari kwenye chanja za dagaa, ananisomea, mimi naitikia kwa kichwa kama hakimu, nachukua kalamu kwenye kopo, nasaini. Miaka miwili na nusu. Majirani waliniona nikisaini. Mtoto aliniona nikisaini. Hilo ndilo lililonifanya niwe mama yake, kwa sababu mama mwenyewe hayupo na mimi ndiye niliyebaki.

Alipofika darasa la tatu kazi zikaanza kuota pembe. Siku moja akaja na agizo: picha tano za wanyama wa mbugani, zichapishwe, zibandikwe kwenye manila, majina chini yake. Kesho asubuhi. Nikaacha dagaa kwenye chanja, nikatoka kwetu Igombe mpaka Mirongo, mjini, kutafuta steshenari. Mama wa pale akatafuta picha kwenye kompyuta, akachapa, akakata, akabandika, akaandika na majina, maana mwandiko wa mtoto, alisema, ungeharibu manila. Kazi ya mjukuu wangu ilikuwa kuibeba. Mvua ikanyesha nikiwa huko, dagaa wote wakalowa, wakageuka uji. Mtoto akapewa alama ya vizuri sana. Nilimuuliza, twiga anakula nini? Akanijibu, "Hatujafika huko, bibi."

Ndipo mwalimu akaja. Mwanamke kijana, mgeni wa Mara, ana mwaka mmoja tu hapa kwetu. Alikuja kwa miguu baada ya vipindi, viatu mkononi kwa ajili ya mchanga.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Mtoto kafanya nini?"

"Hajafanya kitu. Nimekuja kukusalimia tu."

Nikamwinulia ndoo, nikaigeuza kiti, akakaa. Hakungoja kuambiwa, akaanza kuchambua dagaa, anatoa vijiti na kokoto, haraka, kama mtu aliyekulia humo. Nikampenda kwa vidole vile. Tukaongea ya ziwa, ya mvua, kisha akaniuliza kwa upole zile kazi za nyumbani naonaje. Sijui nini kilinifungua kinywa. Nikamwambia nisichowahi kumwambia mtu tangu nilipozaliwa: "Mwalimu, mimi nasaini nisichokisoma."

Aliweka dagaa chini. Akasema, "Asante kwa kuniambia."

"Mtoto asijue. Hawa majirani ndiyo kabisa. Ibaki hapa kwenye dagaa."

"Bibi, hiyo ni yangu na yako."

Tangu hapo kila Ijumaa alikuja na daftari lake mwenyewe. Alikuwa ananisomea kazi anazotaka kutoa wiki inayofuata, halafu ananiuliza swali lile lile: "Hii mtoto ataiweza wewe ukiwa ufukweni?" Mwanzo nilidhani ananitania. Alikuwa hatanii. Nikamjibu kama ninavyomjibu mnunuzi wa dagaa, bila kupamba.

"Hapa umeandika amuulize baba yake. Darasani kwako wangapi wana baba wa kuulizwa?"

Akafuta.

"Hapa inatakiwa rula. Rula ipo shuleni. Na hii inataka simu ya mtandao. Simu yangu inapiga na kupokea."

Akafuta.

"Maswali ishirini ya nini? Akirudi anachota maji, anageuza dagaa, anakula. Jua linabaki kidogo. Maswali ya kuzidisha ni yale yale, kama ameweza manne hata la ishirini ataliweza. Kama hajaweza, unampa njia ishirini za kukosea."

Alicheka mpaka akashika mbavu, lakini aliandika. Na yeye alinifundisha ya kwake. Kwamba kazi ya kupeleka nyumbani si ya kuanza kitu kipya, ni ya kukazia kile mtoto alichokwisha kukiweza darasani. Kwamba swali la kwanza wanalifanya wote pamoja kabla kengele haijalia, na mtoto asiyeweza kueleza kwa maneno yake anachokwenda kufanya, basi kazi haijawa tayari kutoka darasani. Kwamba asubuhi wanaanza somo na kazi hiyo, dakika chache tu, la sivyo mtoto anajua ilikuwa ya kumshughulisha. "Nikitoa kazi," alisema, "lazima nijue kesho nitaitumia kufanyia nini. Nisipojua, siitoi."

Kulikuwa na moja tuliyoitengeneza wote wawili. Yeye alitaka watoto wapime meza ya nyumbani kwa rula. Nikamwambia rula hakuna na wengine meza hawana. Nikampa mkono wangu, nikaunyoosha, kidole gumba mpaka kidole kidogo: "Sisi tulipima kwa shubiri." Akautazama mkono. Akasema wapime mkeka au kitanda, kwa shubiri zao, waandike namba tu. "Namba zao zitapishana, bibi! Watabishana. Hapo ndipo nitakapowatolea sentimita." Aliiweka nyuma ya daftari, somo la vipimo lilikuwa bado mbele.

Nyumbani niliona tofauti. Mtoto alikaa kizingitini na maswali yake manne, akamaliza mimi nikiwa sijajaza hata beseni, kisha akaleta daftari nisaini. Nikasaini. Kalamu bado ilikuwa yangu.

Halafu kikaitishwa kikao cha wazazi. Wengine walikuwa wananung'unika kuwa darasa la tatu siku hizi hawapewi kazi. Mwalimu aliniomba nije nikae mbele, nimpe moyo. Nikavaa kitenge changu cha kanisani. Watoto walikuwa wamejazana madirishani, kama kawaida yao, na wa kwangu kati yao.

Yule baba wa pindo akasimama. Mtu wa ofisi, Nyamagana huko. "Mwalimu mkuu, watoto wa shule za kulipia wanarudi na kurasa sita. Wa kwangu maswali manne! Tunalea watoto au tunafuga mbuzi?" Watu wakacheka, wakapiga makofi. Mwalimu mkuu akageuka kwa mwalimu wetu, akamwambia ajibu.

Alijibu vizuri, sitamnyima haki yake. Akaeleza kazi fupi, kazi yenye sababu, kazi ambayo mtoto anaiweza peke yake kwa kalamu na daftari. Kwa sauti yake nilikuwa nasikia Ijumaa zetu zote. Nikakaa vizuri kwenye benchi. Lakini yule baba hakukaa.

"Kwani mzazi gani," akasema, "asiyeweza kumsaidia mtoto wa darasa la tatu? Tutajie mmoja."

Mwalimu akageuka. Akanitazama. Mara moja tu, nikamwona anapima, kama unavyopima uzito wa samaki mkononi kabla ya kumtia mizani.

"Yupo bibi mmoja humu ndani," akasema. "Anaanika dagaa, analea mjukuu peke yake. Amesaini daftari la mtoto tangu darasa la kwanza, na hawezi kulisoma. Kazi zile za zamani zilikuwa zinampima yeye. Mtoto hazikumpima."

Jina hakulitaja. La nini? Bibi wa dagaa kwenye kikao kile tulikuwa mmoja. Benchi lote liligeuka. Jirani yangu, tunayesalimiana naye mwangaluka kwa Kisukuma kila asubuhi, alinitazama usoni halafu akatazama mkono wangu wa kulia. Nikauficha chini ya kitenge. Dirishani sikutazama.

Kikao kilikubali. Hata yule baba alikaa, akasema basi, kama ni hivyo. Kwa ajili yangu wote wakawa wapole ghafla, na upole ule ulinichoma kuliko kicheko.

Alinifuata mpaka kwenye mibuyu ya lango la shule. Alikuwa analia.

"Bibi nisamehe. Wangerudisha kurasa sita. Nilikuwa sina kingine mkononi."

"Ulikuwa na dagaa wengi mle ndani. Ukachagua mmoja."

"Ni kwa ajili ya watoto, bibi."

"Najua," nikasema. "Ndiyo maana sikupigi."

Nyumbani mtoto alikuwa amekwisha kuchota maji bila kutumwa. Hapo nikajua kuna jambo. Nikamwuliza kama alisikia. Akasema alisikia. Nikamwuliza kama ameona aibu.

"Mimi nilikuwa najua, bibi. Toka zamani."

"Toka lini?"

"Siku niliyokusomea kwamba mwalimu mkuu ana mkia, na haikuandikwa hivyo. Ukaitikia, ukasaini."

Nilitaka kucheka, kicheko kikakataa kutoka. Nikamwuliza alimwambia nani. Akachora mchanga kwa dole gumba la mguu.

"Mwalimu. Kabla hajaja hapa mara ya kwanza. Aliniuliza nani ananisaidia."

Basi alikuja akijua. Alipokaa kwenye ndoo yangu, alipochambua kwa vidole vile, alipopokea siri yangu na kusema asante, alikuwa nayo tayari mfukoni. Alichokuwa anangoja ni mimi nimkabidhi kwa mkono wangu. Nimeligeuza hilo kama dagaa, upande huu na upande ule, na halijakauka.

Sasa kazi zimekuwa kama tulivyotaka. Tangazo limebandikwa: kazi ya nyumbani mtoto afanye mwenyewe, saini ya mzazi haitakiwi. Hilo la saini hatukulitengeneza Ijumaa, aliliongeza yeye, kunisitiri nadhani. Akipita ananiamkia. Namwitikia marahaba, maana salamu hainyimwi. Ndoo siinui.

Juzi mtoto alifanya kazi yake kizingitini, akafunga daftari, akaenda ziwani. Nikalifungua. Siku hizi mwalimu anawaandikisha kwa herufi za kuachana, kubwa, na sentensi yenyewe fupi. Nikaweka kidole. PIMA UREFU WA MKEKA WENU KWA SHUBIRI ZAKO. ANDIKA NAMBA. Nikaisoma yote, peke yangu. Chini yake mtoto ameandika kumi na mbili.

Nikapiga magoti, nikaupima mkeka kwa mkono wangu. Tisa.

Hajakosea, na mimi sijakosea. Nikatoa kalamu kwenye kopo, nikatafuta chini ya ile namba mahali pa kusaini. Hapakuwepo.