Mfupa Uliokataa Kutoa Uboho

Nimefanya kazi ya maabara Kampala miaka mingi kuliko ile niliyoishi Kisumu nilikozaliwa, na Kiganda changu bado kinawachekesha wauza nyanya wa Nakawa. Kazi yangu ni kusoma damu kwenye darubini. Wagonjwa siwaoni. Kinachonifikia ni vioo vyenye namba, na namba hazinung'uniki wala hazina haraka, jambo ambalo kwa mtu mwenye hasira za karibu kama mimi ni neema.

Asubuhi moja daktari wetu wa magonjwa ya damu, mwanamke mpole asiyepandisha sauti hata akikanyagwa, alipanda ghorofani akaniomba nimsaidie kwa Kiswahili. Wodini kulikuwa na askari mstaafu kutoka kaskazini, aliyemalizia utumishi wake kwenye kambi ya Makindye. Alikuwa amegoma kuchomwa mara ya tatu sindano ya kuvuta uboho mfupani. Kiingereza anakielewa, daktari alisema, lakini akikasirika hubaki na Kiswahili cha jeshi tu.

Nilimkuta ameketi wima kitandani, mikono imejaa madoa ya damu iliyovilia chini ya ngozi. Mkewe alikuwa pembeni akikunja nguo na kuziweka kwenye mfuko. Kesho yake wangepanda basi warudi kwao.

"Musawo," aliniambia, akiniita daktari kwa Kiganda, "wametoboa mimi mara mbili. Wanavuta, wanavuta, hakuna kitu inatoka. Sasa wanataka tena. Mimi si kisima."

"Pole sana, afande," nikamjibu.

Mkewe akaacha kukunja. "Onyesha yeye tumbo," akasema.

Alipoinua shati, nilishtuka. Bandama, kiungo ambacho kwa mtu mzima hujificha kimya chini ya mbavu za kushoto, ilikuwa imeshuka na kuvuka kitovu. Ungeuona ukingo wake ukisogea alipovuta pumzi. Mkewe akanieleza kwamba walimtibu malaria kwa miezi, kwani huko kwao bandama kubwa ni malaria na hakuna anayeuliza mara mbili. Homa zikaja na kuondoka, damu ikazidi kupungua. Daktari akaongeza yake kwa sauti ya chini: chembe nyekundu chache, nyeupe chache, na zile za kugandisha damu chache vilevile. Akiondoka hivi, alisema, homa yoyote ndogo inaweza kummaliza.

Ndipo nikaisoma namba kwenye kadi ya kitanda, na uso ukaniwaka moto. Niliijua. Vioo vyake viwili vilinifikia vikiwa na matone ya damu tupu bila uboho, na vyote viwili nilivigonga muhuri ule wetu: HAITOSHI, RUDIA.

Lazima nikiri desturi yetu ya ghorofani. Sindano ikitoka kavu, tunajua ni mkono wa daktari mchanga, na tunacheka. Madaktari nao wanaamini hivyohivyo, wanaona aibu, na hawaandiki kwamba walivuta kwa nguvu zote. Fomu ya mzee huyu ilisema "upungufu wa damu," basi. Hakuna aliyeniambia habari ya bandama, nami sikuuliza. Mtu alitobolewa mfupa mara mbili, na kati ya wodi na darubini hakuna aliyeshuka wala kupanda ngazi.

Sasa mambo matatu yalikuwa kwenye kitanda kimoja: bandama kubwa, damu haba, uboho usiotoka. Mwalimu wangu wa zamani aliwahi kututajia ugonjwa unaokuja na hayo matatu pamoja, kisha akasema huenda tukastaafu bila kuuona. Nikamwomba daktari asubiri kidogo, nikapanda ngazi mbiombio, na mimi si mwembamba.

Damu ya mzee ya asubuhi ile ilikuwa imepita kwenye mashine ya kuhesabia. Mashine ilisema monosaiti, aina mojawapo ya chembe nyeupe, zipo za kutosha, nami nilikuwa nimeipitisha karatasi bila kuangalia kioo. Nikakiweka chini ya darubini, nikaanza kuhesabu kwa jicho. Chembe zilikuwa chache mno, nilitembea uwanja mtupu kwa muda mrefu. Kisha nikaiona moja. Kiini chake laini, umbo la yai, na ukingo wake wote umezungukwa na vinywele vyembamba kama manyoya ya kifaranga aliyeanguliwa jana. Nikapata nyingine. Na nyingine. Mashine ilikuwa imezihesabu hizi kuwa monosaiti. Monosaiti ya kweli haikuwepo hata moja.

Mimi huenda kanisani kwa mazoea zaidi kuliko kwa imani, lakini pale niliogopa kama mtu aliyefungua mlango akakuta kuna mtu ndani. Ni ugonjwa ule wa mwalimu wangu, saratani ya damu, na ni kitu kizuri kutazama. Sijui niseme nini zaidi.

Nilirudi wodini nikamwambia mzee ukweli. "Afande, mkono wa daktari haukukosea. Chembe za ugonjwa zimejaa ndani ya mfupa, na zimesukiwa nyuzi zinazozishika. Ndiyo maana hakuna kinachovutika."

Alinitazama. "Kumbe si mfupa yangu ndiyo mukaidi?"

"Mfupa wako ulikuwa unatujibu. Sisi ndio tulikuwa hatusikii. Leo daktari atakata kipande kidogo cha mfupa wenyewe, na mimi nitasimama hapahapa."

Akamwangalia mkewe, akageukia ukuta, akalala kwa ubavu. "Mara moja. Ya mwisho."

Daktari alivuta kwanza: pakavu, kama zamani. Safari hii aliandika hivyo kwenye fomu. Kisha akatoa kipande chembamba cha mfupa wa nyonga, na kabla hakijatumbukizwa kwenye chupa ya dawa ya kuhifadhia nikakipokea, nikakigusisha taratibu kwenye vioo, kimoja baada ya kingine. Kwa kawaida kipande kingeenda moja kwa moja chupani, na jibu lingengoja siku nyingi. Alasiri hiyo nilipovitia rangi, vioo vilikuwa vimejaa vinywele. Baadaye kipande chenyewe, kwa rangi zake za pekee, kikathibitisha yote, hata wavu wa nyuzi.

Mkewe alizitoa nguo kwenye mfuko, akazipanga tena kabatini.

Dawa iliagizwa kutoka nje, na majuma yale ya kungoja tulimwongezea damu. Ilipofika, alidungwa siku saba mfululizo. Kwanza chembe zake zilishuka zaidi, homa ikampanda, na kila asubuhi nilisoma kioo chake kabla ya chai nikiwa na hofu tupu. Kisha zikaanza kupanda.

Miezi ilipopita alirudi kwa uchunguzi, shati limemkaa sawasawa, tumbo limelala. Nilifanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya: nikawapandisha yeye na mkewe ghorofani, nikamketisha mzee kwenye kiti changu mbele ya darubini. Akafumba jicho moja kama anayelenga shabaha.

"Fungua yote mawili, afande. Unaona hiyo kubwa ya kijivu, kiini kimejikunja? Ni monosaiti. Wakati ule hukuwa na hata moja."

Akasogea karibu zaidi. "Ilikuwa wapi wakati yote?"

"Ilikuwa haijazaliwa."

Mkewe akamgusa bega, akamwambia watu wanangoja kufanya kazi zao. Hakuondoka. "Ziko ngapi?" akauliza, macho bado kwenye darubini.

"Nne katika kila mia."

"Nne tu? Inatosha?"

"Inatosha, afande," nikasema. "Inatosha."