Mchoro wa Yaya, Mstari kwa Mstari

Umeme ukikatika, hata leo, mimi hunyamaza na kusikiliza. Watu wa nyumbani wanatafuta tochi, wanalalamika, wanacheka. Mimi ninasubiri honi.

Ilikuwa honi ya pikipiki. Yaya, kaka yangu mkubwa, aliifunga chini kabisa ya shimo walimochimba madini, upande wa Musonoi, pale njia ya pembeni inapoanza. Juu kulikuwa na mashine ya kupuliza hewa, na hewa ilishuka kwa bomba la plastiki mpaka kwa wachimbaji. Umeme ukikatika, mashine inasimama, na mtu aliye mbali ndani hajui. Honi ndiyo ingemwambia apande. Siku umeme ulipokatika, honi haikulia. Wawili waliokuwa karibu na mdomo wa njia walisikia kichwa kizito, wakapanda. Yaya alikuwa mbele zaidi.

Kwenye kilio nilisikia maneno nyuma ya viti. “Mashine ya honi alichora yeye mwenyewe. Imemuua.” Mwingine akasema, “Ule bufundi bwa kujifundisha mwenyewe, angalia sasa.” Mama aliyasikia pia. Alivuta kitenge chake juu ya uso.

Mchoro wa kisanduku cha honi Yaya aliuchora kwa makaa kwenye ukuta wa chumba chetu, mtaa wa Kapata. Yeye alichora, mimi nililehemu, kwa sababu mkono wangu hautetemeki. Niliupiga picha kwa simu. Baada ya kilio, mashangazi walipaka chumba chokaa, kama tunavyofanya ili kifo kisibaki ukutani. Sikuwazuia, picha nilikuwa nayo. Kisha simu ikaganda, na fundi wa simu akaiamsha kwa kuifuta yote. Aliponirudishia ilikuwa safi kama ya dukani. Kisanduku chenyewe kilibaki chini. Shimo lilijaa maji wiki ile ile.

Usiku niliona makaa yakitoka chini ya chokaa, mstari mmoja mmoja. Asubuhi ukuta ulikuwa mweupe.

Halafu mkubwa wa timu, ambaye wachimbaji humwita PDG, alikuja nyumbani. Walikuwa wamefungua shimo jipya.

“Petit, utatutengenezea honi ingine? Lakini batu banaogopa. Banasema mchoro wa yaya yako ulikuwa mubaya. Tafuta mutu wa masomo auangalie. Akisema ni mubaya, tunaacha, tunabaki na bahati yetu.”

Nilimjua mtu mmoja tu wa masomo: mama aliyefundisha umeme kwenye shule ya ufundi, mtaa wa tatu kutoka kwetu. Nilisimama mlangoni pake mpaka yeye mwenyewe akauliza.

“Mutoto wangu, sema. Mi sili bantu.”

Nilimwambia picha imepotea. Nilidhani atanirudisha.

“Picha si kintu,” alisema. “Andika. Kila kifaa na jina lake, kila mguu unagusa nini. Mi nitachora kwa kusoma. Kama umesahau, itaonekana, mustari utakosa pa kwenda.”

Niliachia masomo darasa la sita, na kuandika kwangu ni polepole. Karatasi moja ilinichukua siku mbili. Nilifumba macho, nikamwona Yaya akiwa na kipande cha makaa, nikaandika alivyokuwa akisema:

Adaptateur ya volti kumi na nne. Plus yake inakwenda mguu wa kwanza wa koili ya relei, na mguu wa kwanza wa ampuli (balbu) ndogo.
Ampuli, mguu wa pili: kwa diode, upande usio na mstari.
Diode, upande wenye mstari: kwa plus ya batri.
Plus ya batri: pia kwa mguu wa katikati wa relei.
Relei, mguu unaogusana na wa katikati wakati koili imelala: kwa honi.
Honi, mguu wa pili: kwa minus.
Minus ya batri, minus ya adaptateur, mguu wa pili wa koili: vyote pamoja.

Mwalimu alichora huku akisoma, kidole kimoja kwenye karatasi yangu. Hakuna mstari uliokosa pa kwenda. Nilitazama mchoro wa Yaya ukirudi, kwa wino wa bluu, kwa mkono wa mtu ambaye hakumjua.

“Courant, umeme wa cité, ikiwa iko, koili inavuta swichi ya relei, honi inanyamaza,” alisema. “Ikikatika, koili inaachilia, batri inapiga honi. Ampuli inapunguza courant ya kujaza batri. Na hii diode ni mlango wa upande mmoja: courant inaenda kwa batri, hairudi kwa koili.” Alivua miwani. “Mchoro ni muzuri. Yaya yako alijua.”

Nililia kidogo. Nilifikiri nitakimbia nikamwambie Mama.

“Ngoja. Hii ni ya ukuta. Mi ninataka ile iliyokuwa chini. Andika tena, sasa kwa viungo: kila mahali waya zinakutana, taja byote binagusa pale. Usiangalie ukuta. Angalia mikono yako.”

Nilianza pale pale mezani. Kiungo cha kwanza. Cha pili. Kwenye kiungo cha plus ya batri niliandika: batri, mguu wa katikati wa relei. Kisha mkono ulisimama.

Nilikumbuka ladha ya plastiki mdomoni. Wiki mbili kabla ya ile siku, Yaya alisema batri haijai. Nilishuka, nikapima diode: pande zote mbili hakuna kitu. Ilikuwa imekatika, na nyingine sikuwa nayo. Nilimenya kipande cha waya kwa meno, nikakiweka mahali pake. Direct, moja kwa moja, kama tunavyofanya sote huku, redio, pikipiki, chochote. Ampuli ikawaka, batri ikaanza kujaa. Sikuchomoa prizi ya umeme kujaribu honi, kwa sababu ilikuwa moja na ya mashine ya hewa, na watu walikuwa ndani.

“Kesho nitarudi na diode,” nilimwambia Yaya.

“Weye na kesho yako,” alisema, akicheka, akaingia gizani.

Niliandika: waya.

Mwalimu alisoma neno hilo. Kwa kalamu alifuata njia, kutoka batri, kupitia waya, kupitia ampuli, mpaka koili. Nami niliona. Umeme wa cité ulikatika, na batri yenyewe ikaendelea kuishika koili. Relei haikujua kwamba umeme umekwenda. Honi ilingoja pale kwenye mdomo wa njia, nyuma ya Yaya, ikiwa na batri iliyojaa.

“Ungekuwa na ile picha,” alisema baadaye, “ungenipa ya ukuta tu.”

Nilimwambia Mama kwanza. Alishika karatasi ambayo hawezi kuisoma. “Kwa hiyo mchoro ulikuwa wake na ulikuwa muzuri,” alisema. La pili, la waya wangu, hakulisema.

Shimoni, mbele ya wachimbaji wote, PDG aliuliza, “Basi, petit? Mchoro ulikuwa mubaya?”

“Mchoro ulikuwa muzuri, tata. Ni mimi. Niliweka waya mahali pa diode.”

Mmoja wa wale wawili waliopanda aligeuka, akaondoka. PDG alitazama kisanduku kipya mikononi mwangu.

“Kuko diode?”

“Iko. Na ingine nimeifunga ndani ya kifuniko.”

Chini ya orodha Mwalimu alikuwa ameongeza mstari mmoja: kila asubuhi, kabla ya mtu kushuka, prizi itolewe, honi isikike. Tulipokwisha kukifunga kisanduku chini na kupanda, PDG aliniambia nitoe mimi.

Niliitoa. Honi ililia chini ya ardhi, ndefu, na hakuna aliyekuwa ndani kuisikia. Sikuirudisha prizi mpaka PDG aliponishika mkono.