Kinywa cha kaka yangu

Kaka yangu alitutumia video kutoka Kinshasa. Picha niliipeleka kwenye televisheni kwa waya, lakini sauti nikaituma kwa Bluetooth kwenye bafle kubwa, yaani spika, maana masikio ya mama yamechoka. Mama akasema haelewi kitu. Nikaongeza sauti mpaka sahani zikatetemeka.

"Weye, acha makelele!" akanikemea. "Kinywa ya kaka yako inafunga, ndio sauti inafika!"

Tonton, yaani mjomba wangu, fundi wa redio, akaniambia Bluetooth huchelewesha sauti. Akachomeka waya kutoka televisheni hadi kwenye bafle. Kaka akatania kwenye video, mama akacheka palepale.

Kumbe miaka yote mama alikuwa anatusoma midomo. Namshukuru tonton mpaka leo. Sasa nikiongea na mama, namgeukia.