Jina Moja, Mikono Mitatu

Kwa miaka sita Bertila alikuwa peke yake kwenye simu ya duka. Duka lenyewe, Mavuno Juu, liliuza mbegu na dawa za mashamba karibu na stendi ya Sumbawanga, na wakulima wa uwandani na wa bondeni waliulizia mambo yao kwa WhatsApp. Bertila ndiye aliyewajibu. Alikuwa na miaka arobaini na saba, hakuolewa, akiishi peke yake mtaa wa Izia kwenye nyumba aliyoachiwa na wazazi. Ndugu zake walishahamia Mbeya na Dodoma. Zipo siku maneno yote aliyoyatamka tangu asubuhi yalikuwa salamu za jirani na nauli ya bajaji, lakini kwenye simu alikuwa ameshaongea na watu arobaini.

Aliwajua. Alijua nani ana mgonjwa, nani amefiwa na mume, nani hupanda kabla ya wenzake kwa ubishi tu. Ujumbe wake ulianza kwa jina la mtu na mahali alipo: "Habari za Muze, mama Kabula? Mguu wa mwanao Shija umepona?" Ndipo aingie kwenye mbegu. Mwishoni aliandika jina lake.

Kazi ilipozidi, bwana Clemens, mwenye duka, aliajiri wawili. Asnath alikuwa ametoka ofisini Mbeya, dada nadhifu wa kuandika barua. Yonas alikuwa kijana wa mjini, mchangamfu, anayejua dawa zote kwa majina. Simu ya duka ikaunganishwa na kompyuta ya Asnath na simu ya Yonas, wote watatu wakawa wanajibu kwenye namba ileile. Mteja haoni nani anaandika. Anaona jina la duka tu.

Hakuna aliyewaambia waandikeje. Bwana Clemens aliona mradi mteja amejibiwa, kazi imekwisha.

Januari ile, siku ya Jumanne, Bertila alikuwa hospitali kwa jino. Mama Kabula, mjane wa Kisukuma anayelima na kufuga kule Muze, aliandika kwamba mahindi yake yanaliwa majani. Asnath alimjibu: "Ndugu mteja, tafadhali wasilisha picha za mmea husika ili ombi lako lishughulikiwe." Mama Kabula akatuma picha. Asnath alikuwa amekwenda kula, hakuacha neno lolote kwa mwenzake. Yonas akazifungua bila kusoma yaliyotangulia, akaona viwavi kwenye moyo wa mhindi, akaandika: "Mambo sista! Hao jamaa ni noma 😂 Lipia fasta tukuwekee dawa kwenye gari la leo."

Dawa aliyoikusudia ilikuwa sahihi kabisa. Mama Kabula hakulipia. Aliandika mstari mmoja: "Bertila yuko wapi? Mmeiba simu yake." Kisha akaifungia namba ya duka, akarekodi sauti na kuituma kwenye kundi la wakulima wa Muze: namba ya Mavuno Juu imeingiliwa na matapeli, mtu asitume kitu.

Jumatano simu ilinyamaza. Bertila alirudi na shavu limevimba, akadhani mtandao umekatika. Alipopandisha mazungumzo juu na kuyasoma, alikaa chini taratibu. Alimpigia mama Kabula kwa simu yake mwenyewe.

"Ni mimi, Bertila wa Mavuno Juu."

"Nitajuaje?" sauti ilisema. "Sijawahi kukusikia. Nakujua kwa kuandika."

Simu ikakatwa.

Alhamisi alipanda gari la kuteremka bondeni, chupa mbili za dawa kwenye mfuko. Njia iliteremka ukingo wa uwanda wa Ufipa, baridi ikabaki juu, joto la bonde la Rukwa likampokea. Aliuliza watu mpaka akafika kwenye boma la mama Kabula. Aliyetoka alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye jembe mkononi.

"Mguu wa Shija umepona?" Bertila alimwuliza kabla ya salamu, kwa sababu hakuwa na kitambulisho kingine.

Mama Kabula alimtazama sana. Akaweka jembe chini.

"Kumbe ni wewe. Nilidhani wewe ni bibi."

Walikwenda shambani pamoja. Siku mbili zilikuwa zimepotea, na viwavi vimezama ndani ya moyo wa mmea ambako dawa haifiki vizuri. Jioni walipiga dawa, mhindi kwa mhindi, lakini upande wa chini, karibu nusu ekari, ulikuwa umekwisha.

"Nimekosea nini?" mama Kabula alisema. "Asubuhi naitwa ndugu kama niko mahakamani, mchana nachekwa. Ningewezaje kujua ni watu walewale?"

"Hukukosea wewe," Bertila alisema. "Ni sisi."

Ijumaa bwana Clemens aliwakalisha wote. Yonas alikuwa ameinamisha kichwa. "Sikumcheka yeye, nilicheka viwavi," alisema kwa sauti ndogo. Bwana Clemens alimtaka Bertila aandike jinsi anavyojibu, wenzake wafuate. Bertila alishika kalamu nusu saa, karatasi ikabaki nyeupe. Hakujua kama ana namna ya kujibu iliyo yake.

Asnath ndiye aliyemsaidia. Alivuta kiti, wakasoma pamoja mazungumzo ya miaka sita, Asnath akiandika anachokiona. Jina la mtu kwanza, na mahali. Swali moja la hali yake. Hatua moja ya kufanya kwa ujumbe mmoja, isiwe tano. Hatuandiki "ndugu mteja", hatuandiki "fasta". Hakuna kicheko mtu akiwa na hasara. Anayeuliza bei ajibiwe kwa ufupi, aliyepata msiba apewe pole bila kutajiwa bidhaa. Maneno yanabadilika, mwenye kusema ni yuleyule. Wakaongeza ambayo Bertila hakuyahitaji alipokuwa peke yake: soma yaliyotangulia kabla ya kujibu, ukiondoka, waachie wenzako neno, malalamiko yashikwe na mmoja hadi mwisho. Chini wakabandika mifano, jibu la Yonas kama lilivyokuwa na jinsi ambavyo lingekuwa.

"Na jina?" Asnath aliuliza. "Tukiweka majina matatu watachanganyikiwa tena."

"Tuandike 'sisi'," Bertila alisema. "Ila mtu akiuliza ni nani, aambiwe ukweli."

Asnath aligeuza kurasa. "Dada Bertila, kwa nini kila mara unamaliza kwa swali? Hata biashara ikiwa imekwisha?"

Bertila alitazama dirishani. Hakuwahi kulifikiria. "Ili wajibu," alisema.

Asnath hakuliandika hilo.

Mama Kabula aliifungua namba mwezi wa pili, akatuma sauti nyingine Muze kuwatoa watu hofu. Kila Ijumaa watatu hao walisomeana majibu ya wiki. Yonas alijifunza kuliko walivyotegemea. Machi Bertila alifungua simu akakuta ujumbe: "Asante Bertila kwa maneno ya jana. Yamenifariji sana."

Alipandisha juu. Ng'ombe wa mama Kabula alikuwa amekufa. Jibu lilikuwa na jina la mama Kabula, na Muze, na pole ya taratibu, na kuuliza ndama amebaki na nani. Kila neno lilikuwa kama la Bertila. Yeye hakuliandika; jana zamu ilikuwa ya Yonas.

"Aliyekujibu jana ni mwenzangu Yonas," aliandika. "Leo ndiyo mimi, Bertila."

"Basi mnafanana mno," mama Kabula alijibu. "Nisingetofautisha."

Bertila aliusoma ujumbe huo mara mbili. Akamwachia Asnath neno kuhusu ndama, akampisha kwenye kiti kwa sababu zamu yake ilikuwa imeisha. Nje jua lilikuwa bado juu. Alitembea hadi Izia kwa miguu, akafungua mlango, akapiga hodi kwa mazoea, ingawa ndani hamkuwa na wa kuitikia.